Gemu za Safarini Bila Mtandao

SWALI: Nasafiri mara kwa mara kwa basi kutoka Keroka hadi Nairobi. Gemu za simu hukwama tukielekea Narok, na chaji huisha mapema. Ninunue kifaa cha gemu?

JIBU: La, usinunue bado. Simu yako inatosha ukiipima nyumbani kwanza. Gemu nyingi hudai mtandao zinapofunguka, hata kama hazikuonyesha dalili hiyo ulipozipakua. Basi jioni kabla ya safari, zima simu, iwashe, iweke katika hali ya ndege, kisha fungua kila gemu na ucheze raundi nzima. Inayogoma hapo itagoma njiani pia, kwa hiyo ifute.

Ukiwa bado katika hali hiyo, cheza nusu saa ukitazama chaji. Tuseme imeshuka kutoka asilimia 100 hadi 91. Hiyo ni 18 kwa saa, na kwa safari ya saa sita ni 108: simu peke yake haitafika. Pawabenki ya mAh 10,000 itaijaza simu ya mAh 5,000 mara moja na ziada kidogo. Si mara mbili, kwa sababu umeme mwingine hupotea kama joto.

Mimi ningechagua drafti au sataranji. Hazihitaji kidole chepesi basi likirukaruka, na unaweza kuinua macho kila baada ya hatua. Mbio za magari hukufunga macho kwenye kioo, na kwenye kona za Mai Mahiu kichefuchefu huja haraka.