Masikio na Pua za Wazee

1. Neno la watu

Huko Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, wazee hukaa kivulini jioni na kuzungumza. Mtoto anayewatazama vizuri huona jambo moja. Masikio ya wazee ni marefu kuliko masikio ya vijana. Pua zao nazo zimeshuka kidogo kuelekea mdomo.

Ndiyo maana watu husema: "Mwili wa mtu huacha kukua, lakini masikio na pua haviachi mpaka siku ya kufa." Je, neno hilo ni kweli? Nusu yake ni kweli, na nusu yake si kweli. Kuongezeka urefu ni jambo moja, na kukua ni jambo lingine. Tazameni jinsi mambo hayo mawili yanavyoachana.

2. Masikio yalipimwa

Daktari mmoja wa Uingereza, jina lake James Heathcote, alitaka kujua ukweli, na habari yake ilitoka mwaka 1995. Yeye na madaktari wenzake walichukua rula na kupima masikio ya wagonjwa wao 206. Mdogo wao alikuwa na miaka 30, na mkubwa alikuwa na miaka 93. Walipima sikio la kushoto, toka ukingo wa juu kabisa mpaka mwisho wa ile nyama laini ya chini, ambapo wanawake hutoboa kwa kuvaa hereni.

Walipokwisha kupima, walifanya hesabu. Waliona kwamba, kwa wastani, sikio huzidi urefu kwa milimeta 0,22 kila mwaka. Kanuni yao ni hii: zidisha umri kwa 0,22, kisha ongeza 55,9. Jibu ni urefu wa sikio kwa milimeta.

Fanyeni hesabu hiyo. Mtu wa miaka 30: 30 × 0,22 = 6,6. Ongeza 55,9, utapata milimeta 62,5. Mtu wa miaka 80: 80 × 0,22 = 17,6. Ongeza 55,9, utapata milimeta 73,5. Tofauti ni milimeta 11. Basi, katika miaka 50 sikio huzidi kiasi cha upana wa kidole kidogo cha mtoto. Si nyingi, lakini jicho huiona.

Madaktari wa Japani nao walipima masikio ya wagonjwa wao, na habari yao ilitoka mwaka 1996. Wao pia waliona kwamba masikio marefu huenda pamoja na umri mkubwa.

3. Hesabu ina mipaka yake

Wastani si sheria kwa kila mtu. Kati ya wale 206, sikio fupi lilikuwa la milimeta 52, na sikio refu la milimeta 84. Kijana mwingine huzaliwa katika ukoo wa masikio makubwa, naye humshinda mzee wa masikio madogo. Kwa hiyo usiseme umri wa mtu kwa kutazama sikio lake tu.

Tena kuna jambo la pili. Madaktari hao hawakupima mtu mmoja mara mbili, ujanani na uzeeni. Walipima vijana na wazee katika wakati mmoja. Fikirini mitumbwi ya ufukoni. Ukitaka kujua mtumbwi unapungua kiasi gani kwa kuliwa na maji, haitoshi kuulinganisha mtumbwi mzee na mtumbwi mpya uliochongwa na fundi mwingine. Pengine mafundi wa zamani walichonga kwa kipimo kingine. Njia bora ni kupima mtumbwi ule ule leo, na kuupima tena baada ya miaka mingi.

4. Kukua na kulegea

Mtoto hukua kwa sababu mwili wake huongeza vitu vipya. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu mna sehemu laini zinazotengeneza mfupa mpya. Kijana akifikia miaka 18 au 20, sehemu hizo hugeuka kuwa mfupa mgumu, na urefu wake hukoma.

Sasa shikeni masikio yenu. Ndani ya sehemu ya juu mna kitu kigumu kidogo kinachokunjika bila kuvunjika. Kitu hicho huitwa gegedu. Si mfupa, wala si nyama. Lakini ile sehemu ya chini ya hereni haina gegedu. Ni ngozi na mafuta tu.

Ndani ya ngozi na gegedu mna nyuzi nyembamba sana. Nyingine hutia nguvu, nyingine huvuta na kurudi kama mpira. Miaka inapopita, nyuzi hizo hupungua na kukatika. Ngozi hulegea, na uzito wake wenyewe huivuta chini. Sehemu ya chini ya sikio, kwa kuwa haina gegedu la kuishika, hurefuka upesi kuliko sehemu nyingine. Mwanamke aliyevaa hereni nzito kwa miaka mingi ataliona jambo hilo mapema.

Mvuvi wa Baraka anafahamu jambo hilo kwa wavu wake. Wavu mpya hukaza. Baada ya kuvutwa siku nyingi, kamba hulegea, na wavu huning'inia chini kuliko siku ulipofumwa. Je, wavu umekua? Hapana. Hakuna aliyeongeza uzi hata mmoja. Umelegea tu. Urefu mwingi wa sikio la mzee huja kwa njia hiyo hiyo.

5. Pua

Shikeni pua zenu. Juu, kati ya macho, pana mfupa. Chini, penye matundu, pana gegedu. Gegedu la juu na gegedu la ncha ya pua hushikamana kwa nyuzi. Nyuzi hizo zikilegea, ncha ya pua huinama chini. Mfupa wa taya ya juu, ulio chini ya pua kama msingi wa nyumba, nao hupungua uzeeni, na pua hukosa mahali pa kuegemea. Kwa hiyo pua huonekana ndefu, ingawa mfupa wake haukuongezeka.

6. Uso mzima hubadilika

Sikio na pua huonekana vikubwa kwa sababu nyingine pia: majirani zao wamepungua. Kijana ana mafuta chini ya ngozi ya mashavu na pembeni mwa paji la uso. Mzee hupoteza mafuta hayo, na mahali hapo huingia ndani. Mashimo ya macho katika fuvu hupanuka polepole, na macho huonekana yamezama. Meno yakitoka, mfupa uliokuwa umeyashika huliwa kidogo kidogo, kwa maana hauna kazi tena. Ndipo kidevu hupanda na pua hushuka, na mdomo hubaki mdogo katikati.

Mjukuu mmoja alileta picha ya ndoa ya babu yake, akaiweka karibu na picha ya kadi yake ya mpiga kura.

"Babu," akasema, "huyu wa zamani si wewe! Masikio yake ni madogo."

"Ni mimi, mjukuu wangu," babu akajibu. "Funika mashavu kwa vidole, katika picha zote mbili. Sasa tazama masikio peke yake."

Mtoto akafanya hivyo. Masikio hayakuachana sana tena. Yalikuwa yamezidi kidogo, lakini mashavu yalikuwa yamepungua zaidi.

Hata hivyo picha hudanganya. Mpiga picha akisimama karibu sana, pua huonekana kubwa na masikio huonekana madogo. Kichwa kikiinama, pua hurefuka. Rula ni shahidi mwema kuliko picha.

7. Si kila sikio nene ni uzee

Uzee huja polepole sana, na huja pande zote mbili. Hauumi, wala hauleti uvimbe. Sikio la mzee ni refu na laini. Lakini sikio likiwa nene na gumu, au likitoa vinundu katika miezi michache au miaka michache, huo si uzee. Huenda ni ukoma.

Ukoma huletwa na vijidudu vinavyopenda sehemu za mwili zilizo baridi kidogo, kama masikio na pua. Kwa hiyo sehemu ya chini ya sikio hunenepa, ngozi ya uso hufanya vinundu, na nyusi hunyonyoka kuanzia upande wa nje. Ugonjwa ukiachwa, gegedu la pua huharibika na pua hubonyea. Dalili nyingine ni baka juu ya ngozi lisilosikia kitu. Ukiligusa kwa pamba, mgonjwa aliyefumba macho hajui kama ameguswa.

Wengine husema ni laana, wakamficha mgonjwa ndani. Wengine husema, "Ni uzee tu," wakangoja. Wote wawili wanampoteza. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Dawa za ukoma hutolewa bure, na hunywewa miezi 6 au 12 kwa kadiri ya ugonjwa. Akiisha kuanza dawa, baada ya muda mfupi hawezi kuwaambukiza wengine. Lakini mishipa ya fahamu ikiisha kufa kwa kuchelewa, dawa haiwezi kuirudisha.

MANENO

Gegedu: kitu kinachokunjika, kigumu kuliko nyama na laini kuliko mfupa.
Wastani: jumla ya vipimo vyote ikigawanywa kwa hesabu ya vipimo.
Ukoma: ugonjwa wa vijidudu unaoharibu ngozi na mishipa ya fahamu.

MASWALI

1. Sehemu gani ya sikio haina gegedu?
2. Kukua na kulegea vinaachana namna gani? Jibu kwa mfano wa wavu.
3. Kwa kanuni ya mwaka 1995, sikio la mtu wa miaka 50 lina urefu gani kwa wastani?
4. Kwa nini pua ya mzee huonekana ndefu? Taja sababu mbili.
5. Utajuaje kama sikio limebadilika kwa uzee au kwa ugonjwa?

KAZI

Omba ruhusa kwa mtu mzima wa nyumbani, umpime sikio. Mwambie akae wima. Simamisha rula kando ya sikio bila kulibana. Pima mara tatu, uandike kipimo cha katikati pamoja na tarehe. Mwaka ujao usishangae ukikuta namba ile ile. Rula yako huonyesha milimeta nzima tu, na sikio huhitaji kama miaka minne na nusu ili kuzidi milimeta moja. Tunza daftari.