Mimba imetoka nyumbani, mama mkwe anasema ni lazima nisafishwe

Nina miaka 29, nimeolewa na tuna mtoto mmoja. Nilikuwa na mimba ya wiki 9 kwa hesabu ya hedhi yangu ya mwisho, sijaanza kliniki wala sijapiga altrasaundi. Ijumaa niliona damu kidogo ya kahawia kwenye nguo ya ndani. Jumapili usiku tumbo likaanza kukata, linashika na kuachia kama uchungu, hadi nikawa najishikilia mlango wa choo. Yakatoka mabonge ya damu, mengine makubwa kama ini la kuku. Karibu na alfajiri kikatoka kitu cha kijivu ambacho hata sijui nikiiteje, nikakiacha kikaenda na maji. Baada ya hapo maumivu yakapoa. Mume wangu alikuwa safarini. Mama mkwe alisema tusiende hospitali, watadhani nimetoa mwenyewe.

Leo ni siku ya 8. Damu inatoka kidogo, jana ilikuwa ya kahawia, lakini leo nilipoamka likatoka bonge moja jekundu. Nimepima mkojo, mistari bado ni 2. Mama mkwe anasema uchafu umebaki, ni lazima nisafishwe, na kabla ya hapo anataka anikande tumbo kwa maji ya moto. Anasema sababu ni ndoo ya maji niliyobeba. Je, bado nina mimba? Nitarudi lini katika hali yangu?

Mwenye Majonzi, Korogwe

Mwanangu, pole sana kwa kuipoteza mimba hiyo, na pole kwa usiku ule ulioupitia mume wako akiwa mbali. Nitakujibu kama mkunga, maana unachohitaji kwanza ni kuelewa mwili wako ulifanya nini.

Mimba ikishaacha kukua, kizazi hujikaza kuisukuma nje na mlango wake hufunguka kidogo kidogo. Ni kazi ileile ya uchungu wa kuzaa, ndiyo maana maumivu yalikuwa yanashika, yanaachia, kisha yanashika tena. Kilele ni pale mimba inapopita kwenye mlango wa kizazi. Hapo damu humwagika kuliko wakati mwingine wowote, jasho hutoka, wengine hutapika au huharisha. Saa hizo nzito mara nyingi ni 3 hadi 5. Mimba ikishapita, kizazi hunywea na kuibana ile mishipa iliyokuwa inailisha, basi maumivu hushuka na damu hupungua. Uliyoyaeleza wewe yanafuata mkondo huohuo, na hilo linanipa matumaini kwamba sehemu kubwa, pengine yote, imetoka.

Kuhusu kile kitu cha kijivu. Bonge la damu ni jekundu lililokolea, linang'aa, na ukilibonyeza linasagika. Nyama ya mimba haisagiki. Rangi yake ni ya kijivu au nyeupe, na ikisuuzwa kwa maji safi kwenye beseni utaona utando mwembamba wenye vinyuzi vyeupe vinavyoelea. Kwa wiki 9 mfuko wote unaweza kuwa na upana wa sentimita 3 hivi. Mtoto mwenyewe mara nyingi haonekani, kwa sababu huwa aliacha kukua siku nyingi kabla damu haijaanza. Kwa hiyo usijitese kwa kutomtambua, wala kwa kukiacha kiende na maji. Kwa wanaosoma hapa: ukiweza, kitu kama hicho kiweke kwenye chombo safi chenye mfuniko uende nacho hospitali, kinamsaidia sana daktari.

Ninasisitiza hospitali kwa sababu kuna jambo ambalo mama mkwe hawezi kulijua kwa kutazama, wala mimi kwa kusoma barua. Mimba inapotunga nje ya kizazi, kwa kawaida kwenye mrija, kizazi bado hujiandaa na kujitandika ukuta mnene ndani. Ukuta huo unaweza kung'oka na kutoka mzima, wa kijivu, na kila mtu nyumbani akaamini kwamba mimba imetoka, kumbe iko kwenye mrija. Mrija ukipasuka, damu humwagikia tumboni na mama anaweza kufa bila pedi kulowa. Si jambo la kila siku, na dalili zako hazielekei huko, ila wewe hukuwahi kupiga altrasaundi ya kuonyesha mimba ilikuwa wapi. Nenda wiki hii, hata kama unajisikia vizuri. Na ukipata maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, maumivu kwenye ncha ya bega, au ukizimia, usingoje kupambazuke.

Ile hofu ya kushutumiwa ninaielewa, imewaweka wanawake wengi nyumbani hadi wakachelewa. Sheria yetu inabana utoaji wa mimba, lakini kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika ni huduma halali na ya kawaida katika vituo vya afya na hospitali. Sema ukweli kama ulivyoniandikia: tarehe ya hedhi ya mwisho, siku damu ilipoanza, saa maumivu yalipokuwa makali, kilichotoka, na pedi ngapi unatumia sasa.

Je, usafishwe? Si lazima. Watu wengi wanaamini kila mimba ikitoka kizazi hubaki na uchafu unaopaswa kukwanguliwa. Sivyo. Watakupima mapigo, presha na wingi wa damu, kisha altrasaundi. Kama kizazi ni kitupu, au kina damu kidogo tu na wewe huvuji sana, kinaachwa kijimalize chenyewe. Kama kuna nyama iliyobaki na huna homa wala damu nyingi, unaweza kusubiri wiki moja au mbili chini ya uangalizi, kupewa vidonge vya misoprostol vya kukaza kizazi, au kufyonzwa kwa bomba la plastiki linaloendeshwa kwa mkono. Ikiwa kuna maambukizi au damu nyingi hakuna kusubiri, unafyonzwa siku hiyohiyo. Wakikuambia ni kusafishwa, uliza ni kwa njia ipi. Shirika la Afya Duniani linashauri kufyonza badala ya kukwangua kwa chuma, kwa sababu chuma kinaweza kuumiza ukuta wa kizazi.

Ile mistari 2 isikutishe kwa sasa. Kipimo cha mkojo hakimwoni mtoto, kinaona homoni ya mimba, na homoni hiyo hupungua polepole hata kizazi kikiwa kimeshakuwa kitupu. Kupima siku ya 8 hakukuambii lolote. Pima tena zikitimia wiki 3 tangu usiku ule. Ukiwa bado na mistari 2, rudi kituoni na kipimo hicho mkononi: huenda kuna kipande kimebaki, au ni ile mimba ya nje ya kizazi, au mimba zabibu ambayo inahitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Sasa wiki zinazokuja. Damu nyekundu kama ya hedhi huendelea siku chache, kisha inageuka kahawia, inakatika, inarudi kidogo, na kwa wengi inakwisha ndani ya wiki 2. Wengine huona matone hadi wiki ya 3. Bonge la asubuhi linaelezeka: usiku ukilala damu hujikusanya ukeni na kuganda, ukisimama inashuka kwa mara moja. Bonge moja, kisha damu inarudi kuwa kidogo, hilo halina neno. Mwelekeo ndio wa kuangalia. Damu iliyokuwa inapungua ikianza kuongezeka siku hadi siku, au maumivu yaliyokwisha yakirudi kwa nguvu, mara nyingi kuna kitu kimebaki na kizazi kinashindwa kunywea.

Pedi kubwa 2 zikilowa kabisa ndani ya saa moja, na saa inayofuata hivyohivyo, hiyo ni dharura, tafuta usafiri. Homa, kutetemeka kwa baridi, au uchafu wenye harufu mbaya ni dalili ya maambukizi, nenda siku hiyohiyo. Katika kipindi hiki tumia pedi au vitambaa safi vilivyokauka juani, na msikutane kimwili na mumeo hadi damu ikatike. Maumivu madogo yaliyobaki yatatulizwa na paracetamol, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Ukiwa na kizunguzungu unaposimama, au mapigo yakikwenda mbio ukipanda ngazi tu, huenda damu imepungua. Ukipewa vidonge vya kuongeza damu usivimeze na chai, maana chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Mama mkwe anakupenda kwa njia anayoijua, na ninamheshimu kwa kukaa nawe usiku kucha. Mwambie kwa adabu kwamba chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa na kuwekwa juu ya tumbo inaruhusiwa, inapunguza maumivu. Kukandamizwa tumbo kwa nguvu hapana, na dawa ya kuweka ukeni hapana kabisa, maana mlango wa kizazi bado haujafunga vizuri na vijidudu vitapita. Na ndoo ya maji haikutoa mimba yako. Karibu nusu ya mimba zinazotoka katika wiki za mwanzo, au hata zaidi, zilikuwa na kasoro ya kromosomu tangu yai na mbegu zilipoungana, na hakuna mapumziko ambayo yangeziokoa. Mume wako naye alisikie hili kutoka kwako, kabla hajalisikia la ndoo.

Matiti yatalegea na kichefuchefu kitaondoka siku za karibuni. Kulia ghafla, kukosa usingizi, kutotamani kumwona mwanamke mwenye mimba, hayo yanaweza kuendelea muda mrefu kuliko damu. Baada ya wiki mbili tatu ukiwa huwezi kula wala kumhudumia mtoto wako, mweleze mhudumu wazi kama ulivyomweleza kuhusu damu.

Hedhi itarudi kati ya wiki 4 na 6, pengine 8, na ya kwanza inaweza kuwa nzito. Lakini yai linaweza kupevuka mapema, hata wiki 2 tu baada ya mimba kutoka, hivyo unaweza kushika mimba kabla hujaiona hedhi hiyo. Shirika la Afya Duniani limeshauri miezi 6 ya kusubiri, ingawa tafiti za baadaye hazikuona madhara kwa waliotangulia muda huo. Mimi ningekuambia usubiri walau hedhi moja ipite, ili hesabu ya tarehe iwe sahihi, na uanze kumeza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, tangu mtakapoamua. Mimba ikiingia, nenda altrasaundi wiki ya 7, usingoje kliniki ya miezi 3, tujue mapema imetunga wapi.

Shangazi