Deni la Ambulensi Nisiyoipanda: Mafunzo Niliyopata

1. Simu ya kwanza ni yako kuuliza.

Nilikuwa kazini huku Columbus, Ohio, aliponipigia mtu akidai dola 1,140 za ambulensi ya mwaka 2016. Alinitaja kwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha akataka nithibitishe namba yangu ya soshal. Sikumpa. Nilimwuliza yeye ni nani, kampuni yake inaitwaje, anwani yake ya posta ni ipi na deni lilianzia kwa nani. Akaniambia nikilipa hata dola 25 siku hiyo, faili "litatulia".

"Bwana, niletee kwa maandishi kwanza," nikamjibu.

Nilikuwa nadai haki yangu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 iitwayo FDCPA inamtaka mkusanya madeni akupe maelezo ya deni kwenye mawasiliano ya kwanza au ndani ya siku 5 baada yake. Anayekataa kuandika, au anayetaka alipwe kwa kadi za zawadi, mchukulie kuwa tapeli.

2. Zile dola 25 zina mtego.

Kila jimbo lina muda ambao mdai anaweza kushinda kesi ya deni, mara nyingi kati ya miaka 3 na 6. Muda huo ukipita, mkusanya madeni haruhusiwi kukushtaki wala kukutishia kesi. Lakini katika baadhi ya majimbo, malipo kidogo tu au kukiri deni kwa maandishi huanzisha hesabu upya. Kwa hiyo kwenye simu sikusema "nitalipa", wala "nipe muda". Nilisema tu kwamba silitambui deni hilo.

3. Barua ikifika, angalia hesabu na tarehe.

Inatakiwa kumtaja mdai, kutoa kiasi cha deni katika tarehe fulani, kisha kuonyesha riba, ada na malipo yaliyofuata hadi jumla ya sasa. Yangu ilianzia dola 862. Dola 278 zilizobaki zilikuwa riba. Chini yake kulikuwa na tarehe ya mwisho ya kupinga. Hiyo niliizungushia kalamu nyekundu, maana una siku 30 tangu upokee maelezo hayo, na ukipinga kwa maandishi ndani ya siku hizo, kampuni lazima isimamishe madai mpaka ikutumie uthibitisho. Kupinga kwa simu hakukupi kinga hiyo.

4. Barua ya kupinga iwe fupi.

Niliandika kwa Kiingereza, nikaweka namba ya faili, nikasema silitambui deni na ninalipinga lote. Niliomba nakala ya bili ya awali, jina na anwani ya mdai wa kwanza, tarehe ya huduma, na anwani ya mgonjwa iliyoandikwa siku ile. Sikueleza maisha yangu, wala sikuambatisha kitambulisho. Niliituma kwa rejista yenye stakabadhi ya kurudi, nikabaki na nakala.

5. Jina na tarehe ya kuzaliwa havitoshi.

Hili linatuhusu sana sisi tuliopitia kambi za wakimbizi. Nilipoandikishwa Nyarugusu sikuwa na cheti, nikapewa tarehe 1 Januari, kama walivyopewa wengi. Majina yetu nayo hufanana. Bili ilipokuja, mgonjwa alikuwa na jina langu na 1 Januari yangu, lakini anwani yake ilikuwa ya Texas, ambako sijawahi kuishi. Nilijibu kwa kuonyesha tofauti hiyo, pamoja na nakala ya mkataba wa nyumba niliyokuwa nimepanga Ohio mwezi uleule. Kampuni ikafunga faili kwa barua.

Nawasihi ndugu zangu wenye tarehe kama yangu: msikubali deni kwa sababu mtu kataja jina na siku ya kuzaliwa. Daini anwani ya wakati ule.

6. Kinga hii ina mipaka.

Inamhusu mkusanya madeni. Hospitali yenyewe ikidai bili yake, kwa kawaida haifungwi na sheria hii. Tena kampuni inaweza kuacha kudai, deni likarudi kwa mwenyewe au likauzwa kwingine, na simu zikaanza tena. Ndiyo maana ile barua ya kufungwa kwa faili naitunza.

Na ukiletewa wito wa mahakama, barua ya kupinga haiujibu. Wakili wa msaada wa kisheria alinieleza kwamba hata deni lililopitwa na muda linaweza kutolewa hukumu usipojitokeza, kwa kuwa hoja ya muda ni lazima uitoe wewe mwenyewe. Huku Ohio, kwa kesi nyingi za madai, una siku 28 za kujibu tangu upokee wito.