Chupa 39 Zimekwenda Wapi? Kutoka Meseji za Stoo Hadi Ripoti ya Meneja

"Bosi, chupa za chai zimepungua." "Kama katoni nne hivi." "Ila juzi duka la Msimbazi walibeba." "Na zingine zilifika zimevunjika."

Stoo iko Kariakoo, meneja yuko ofisini Posta. Kwa meseji hizi hawezi kuamua lolote, kwa sababu hajui zimepungua ngapi hasa wala kipi kimethibitishwa.

Kabla ya kuandika chochote, simamisha mzigo. Ukihesabu huku mkokoteni unapakia mlangoni, hesabu itakudanganya. Hesabu asubuhi kabla stoo haijaanza kutoa, na uhakikishe leja imeingiza hati zote hadi za jana jioni. Tofauti nyingi huanzia hapo: mzigo unatoka leo, hati inaandikwa kesho.

Kisha tumia kipimo kimoja. Tuchukue mfano wa chupa hizo, 12 kwa katoni. Leja ina katoni 42, yaani chupa 504. Watu wawili, kila mmoja akihesabu peke yake, wamekuta katoni 38 zilizofungwa na chupa 9 kwenye katoni iliyofunguliwa, yaani 465. Pungufu ni chupa 39. Kijana wa stoo alisema katoni nne, ambazo ni chupa 48, kwa kuwa alihesabu katoni zilizofungwa tu.

Sasa rudi kwenye meseji, moja moja. "Juzi" igeuze kuwa tarehe kwa kuangalia siku meseji ilipotumwa. Pigia duka la Msimbazi, uliza walipokea ngapi na nani alisaini. "Zingine" zilizovunjika zitoe, uzihesabu kwa macho yako. Neno lisilo na hati wala shahidi liandike kama maelezo, si kama sababu. Na usiandike "wizi", wala jina la unayemshuku. Pungufu peke yake haithibitishi hilo.

Ripoti itasomeka hivi:

Bidhaa: chupa ya chai, lita 1.
Leja: 504. Iliyohesabiwa: 465. Pungufu: 39.
Zilizopelekwa duka la Msimbazi bila hati: 24. Duka limethibitisha kupokea.
Zilizovunjika, zimetengwa stoo, hazimo kwenye 465: 6.
Zisizo na maelezo: 9. Kwa bei ya kununulia ya Sh 14,000, ni Sh 126,000.
Maombi: hati ya kuhamisha 24 iandikwe, kufutwa kwa 6 kuidhinishwe, hati za kutoa tangu hesabu iliyopita zikaguliwe kwa ajili ya 9.

Chini weka tarehe, saa ya kuhesabu na saini za waliohesabu. Tumia bei ya kununulia, maana bei ya kuuzia ingeongeza faida ambayo bado haijapatikana.

Leja isiguswe hadi meneja asaini. Ukiishusha mapema hadi 465, hesabu ijayo itaonekana sawa, na zile chupa 9 hakuna atakayeziulizia tena.