Mambo Matano ya Kuhakiki Kabla ya Kumpa Mgonjwa Dawa: Mfano wa Sindano ya Malaria Kali

Mwanafunzi wa uuguzi anayeingia wodini kwa mara ya kwanza hufundishwa kuhakiki mambo matano kabla ya kutoa dawa yoyote: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Kuyakariri ni kazi ya dakika moja. Ugumu huonekana pale kila neno linapokutana na mgonjwa halisi, kichupa halisi na mwandiko wa mtu mwingine. Makala haya yanayaeleza mambo hayo kwa mfano mmoja wa kujifunzia, uliotungwa kutokana na hali za kawaida za wodi ya watoto wilayani Karatu.

Katika mfano huu, mtoto wa kike mwenye uzito wa kilo 10 ameletwa jioni kutoka Mang'ola, kwenye bonde lenye joto la Ziwa Eyasi. Ana malaria kali: amepata degedege na hawezi kunyonya. Zahanati ilimchoma artesuneti kwenye msuli, ikamwandikia barua ya rufaa. Daktari wa wodi ameagiza artesuneti iendelee kwa njia ya mshipa, miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, saa 12 na saa 24 baada ya sindano ya kwanza, kisha mara moja kwa siku hadi mtoto aweze kumeza dawa mseto.

Mgonjwa sahihi

Mtoto huyo anaitwa Neema. Kitanda cha pili kina Neema mwingine, aliyeletwa kutoka Endulen, Ngorongoro, akiwa na nimonia. Muuguzi akimwendea bibi anayemuuguza na kusema, "Shikamoo bibi, huyu ndiye Neema?", bibi atajibu "Marahaba, ndiye," na jibu lake litakuwa kweli kwenye vitanda vyote viwili. Bibi asiyejua Kiswahili vizuri, aliyezoea Kiiraki au Kimaasai, anaweza pia kuitikia kwa heshima tu.

Kwa hiyo swali liulizwe kwa namna isiyojibika kwa ndiyo au hapana: "Bibi, mtoto anaitwa nani? Baba yake anaitwa nani? Mmetoka kijiji gani?" Majibu yalinganishwe na jina kamili na namba ya faili kwenye chati ya dawa. Namba ya kitanda haitoshi, kwa sababu wagonjwa huhamishwa vitanda.

Dawa sahihi na dozi sahihi

Lebo ya kichupa husomwa mara tatu: kinapochukuliwa kabatini, dawa inapoandaliwa, na kando ya kitanda kabla ya kuchoma. Kinachosomwa ni jina la dawa, kiasi kilichomo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kiasi kilichomo husahaulika kwa urahisi, kwani artesuneti hutengenezwa kwa vichupa vya miligramu 30, 60 na 120. Anayezoea kichupa cha 60 anaweza kukosea siku kabati linapokuwa na cha 120.

Dozi ya mtoto huyu ni 3 × 10, yaani miligramu 30. Hesabu hiyo inategemea uzito, na uzito ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki miezi mitatu iliyopita si uzito wa leo. Mtoto apimwe wodini. Mwenye kilo 20 au zaidi hupewa miligramu 2.4 kwa kilo, kwa hiyo kosa la mizani linaweza kubadilisha hata kanuni inayotumika.

Njia sahihi

Hapa dozi na njia hushikana. Kichupa cha miligramu 60 cha aina iliyozoeleka huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nacho, kikitikiswa mpaka dawa iwe angavu. Ikibaki na ukungu, hutupwa. Kisha huongezwa maji ya chumvi ya dripu: mililita 5 kama dawa itapita mshipani, au mililita 2 kama itachomwa msulini. Ya mshipa huwa jumla ya mililita 6, na kila mililita moja ina miligramu 10. Ya msuli huwa jumla ya mililita 3, na kila mililita ina miligramu 20.

Miligramu 30 za Neema ni mililita 3 za mchanganyiko wa mshipa, lakini ni mililita 1.5 za mchanganyiko wa msuli. Muuguzi akivuta mililita 3 kutoka kichupa kilichochanganywa kwa ajili ya msuli, mtoto atapata miligramu 60, mara mbili ya alichoagizwa. Akivuta mililita 1.5 kutoka kichupa cha mshipa, atapata nusu, na vimelea vitaendelea kuongezeka wakati chati inaonyesha kwamba ametibiwa.

Bomba la sindano halionyeshi kosa hilo, kwa kuwa michanganyiko yote miwili ni angavu. Kinga yake ni kwamba anayechanganya ndiye anayechoma, na muuguzi wa pili anakokotoa hesabu upya bila kuonyeshwa jibu la kwanza. Mchanganyiko utumike ndani ya saa moja. Unaobaki haufai kuwekewa zamu inayofuata.

Wakati sahihi

Barua ya zahanati inasema sindano ya kwanza ilichomwa "saa 2:00". Sasa ni saa mbili usiku. Je, ilikuwa saa mbili asubuhi, ili sindano ya pili itolewe sasa hivi? Au mwandishi alisoma saa ya simu yake na kumaanisha 2:00 ya mchana, yaani saa nane, ili sindano ya pili isubiri hadi saa nane usiku? Tofauti ni saa sita.

Muuguzi asikisie. Amuulize bibi: "Alichomwa kabla ya chakula cha mchana au baada yake?" Kisha apige simu zahanati. Katika mfano huu majibu yote mawili yanakubaliana: ilikuwa saa nane mchana. Kama yangepingana, daktari angeulizwa kabla ya dawa kutolewa. Kwenye chati muuguzi aandike "saa 8 usiku (02:00)", ili anayesoma kwa saa yoyote aelewe jambo lilelile. Baada ya kuchoma, aandike mara moja saa, dozi, njia na jina lake. Dawa isiyoandikwa huweza kurudiwa na zamu nyingine.

Mpaka wa mambo haya matano

Uhakiki huu huthibitisha kwamba agizo limetekelezwa. Hauthibitishi kwamba agizo lenyewe ni sahihi. Daktari akiandika 300 mahali pa 30, muuguzi anaweza kupita hatua zote tano na bado akatoa dozi mara kumi. Dalili ya onyo huwa ni jambo lisilo la kawaida: mtoto mmoja kuhitaji vichupa vitano, au dawa kutojaa kwenye bomba lililozoeleka. Hapo kazi husimama na aliyeagiza huulizwa, hata kama ni usiku wa manane.

Bibi aliye kando ya kitanda naye ana nafasi yake. Akisema, "Mwanangu, mbona amechomwa sasa hivi tu?", muuguzi aweke sindano chini na kufungua chati tena mbele yake.