Mzoeshe Mteja Kabla ya Kumtajia Bei: Somo kwa Watoa Huduma Wadogo

Watoa huduma wengi hufanya kosa moja. Wakikutana na mtu anayeweza kuwa mteja, wanamtajia huduma, bei na punguzo katika dakika 2 za kwanza. Mtu huyo hawajui wala hajajiuliza kama ana shida. Jibu rahisi kwake ni "nitakupigia", na hapigi.

Njia bora ni kumfikia mara 3 au 4, kila mara kidogo, bila kuuza. Tuchukue mfano wa fundi wa kusafisha matangi ya maji anayelenga shule ya binafsi yenye matangi 3 ya lita 10,000. Shule haziwezi kumwaga maji wanafunzi wakiwa darasani, kwa hivyo kazi hii hufanyika likizoni. Fundi anataka kazi ya likizo ya Agosti, basi anaanza katikati ya Juni.

Hatua ya 1: Kujulikana

Anafika shuleni na kumsalimu mwalimu mkuu. "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa matangi, nakaa hapa karibu na soko. Leo sikuja kuuza, nimepita kujitambulisha tu. Naweza kukutumia ujumbe mmoja kuhusu utunzaji wa maji?" Akikubaliwa, anachukua namba na kuondoka. Ziara isizidi dakika 5.

Ruhusa hiyo si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu akubali kwanza kabla ya taarifa zake kutumiwa kwa biashara. Usichukue namba kwenye kitabu cha wageni getini au kwenye ujumbe wa M-Pesa kisha uanze kutuma matangazo.

Hatua ya 2: Kusaidia

Baada ya wiki 2 anatuma ujumbe mfupi: "Mwalimu, ukipata nafasi, mwambie mtu amulike ndani ya tangi kwa tochi. Tope chini ni uchafu ulioshuka kutoka paani au kwenye bomba. Rangi ya kijani ukutani ina maana mwanga unaingia, na huenda kifuniko hakifungi vizuri." Hataji bei. Mwalimu anaweza kukagua bila kumlipa mtu, na hapo ndipo anapoigundua shida mwenyewe.

Hatua ya 3: Kuuliza

Katikati ya Julai anapita tena na kuuliza swali moja: "Mlifanikiwa kuangalia matangi?" Kisha ananyamaza asikilize. Tuseme mwalimu anajibu, "Mawili yako sawa, lakini la jikoni lina ukijani. Shule inafungwa lini hata sijui tutafanya nini."

Sasa mteja amepata joto. Ameitaja shida, mahali ilipo na wakati. Dalili nyingine ni kuuliza bei, kuuliza umefanya kazi wapi, au kukuelekeza kwa mhasibu. Kujibu "sawa" au "asante" tu si dalili. Huyo mwache kwa mwezi mmoja.

Hatua ya 4: Kuuza

Ndani ya siku 2, fundi anapeleka karatasi moja inayoanza na maneno ya mwalimu mwenyewe: "Tangi la jikoni lina ukijani. Nitalisafisha na kurekebisha kifuniko katika wiki ya kwanza ya likizo, kwa siku moja, kwa shilingi 4,500. Mkitaka yote 3 ni shilingi 13,500, na yatakuwa safi kabla ya mvua za vuli." Hamlazimishi kununua yote. Kazi ndogo ikifanyika vizuri, ile kubwa hufuata.

Mambo ya kuangalia

Weka daftari. Kwa kila mteja andika tarehe, ulichosema, alichojibu na siku ya kurudi. Bila daftari utatuma ujumbe uleule mara mbili, naye atajua unatuma kwa kila mtu. Acha angalau siku 10 kati ya hatua moja na nyingine katika hatua 3 za kwanza.

Usimtishe mteja. Ukisema maji yake yataleta magonjwa na wewe hujayapima, atakuona mwongo. Sema ulichokiona tu.

Njia hii ina mipaka. Mtu ambaye bomba limepasuka anataka fundi na bei saa hiyohiyo. Pia mteja akiuliza bei siku ya kwanza, mjibu waziwazi. Kumzungusha ili ukamilishe hatua ni kumpoteza. Na kama baada ya mara 4 hajaonyesha dalili yoyote, mshukuru, funga ukurasa wake, uende kwa mwingine.

Wiki hii andika majina ya wateja 5 unaowalenga. Mbele ya kila jina andika jambo moja analoweza kukagua mwenyewe bila kukulipa. Hilo ndilo litakuwa ujumbe wako wa hatua ya 2.