Nani Aseme Kwanza? Sekunde 10 za Mwanzo za Simu ya Video

Kwa nini simu ya video huanza kwa watu kugongana maneno, hata wenye adabu zao?

Kwa sababu sikio lina kipimo chake cha ukimya, na simu hukivuruga bila kutuarifu. Utafiti wa Tanya Stivers na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulipima maswali na majibu katika lugha 10 za mabara mbalimbali, ukaona kwamba kwa wastani jibu huanza kama sekunde 0.2 tu baada ya swali kwisha. Kiswahili hakikuwemo, lakini lugha hizo zilitofautiana kidogo sana, hivyo sioni sababu ya kudhani sisi tuko mbali nazo. Ukimya ukizidi hapo kwa kiasi, tunaanza kuufasiri: hakusikia, au amenuna.

Sasa mchukue mjukuu aliyeko Toronto akimpigia bibi yake Tanga, na tuseme sauti inachukua sekunde 0.35 kufika upande wa pili. Si umbali peke yake. Simu hubana sauti kabla ya kuituma, hulimbikiza vipande vyake kidogo kabla ya kuvicheza ili isikatike, na visikizi visivyo na waya huongeza ucheleweshaji wao. Mjukuu anamaliza kusema “Shikamoo, bibi.” Salamu inasafiri sekunde 0.35, bibi anaitika baada ya 0.2, kama desturi, na “Marahaba” inarudi kwa sekunde 0.35 nyingine. Mjukuu angepaswa kungoja karibu sekunde nzima. Ilipofika sekunde 0.7 alikwisha kukata tamaa akarudia “Shikamoo!”, na shikamoo hiyo ya pili inamfikia bibi akiwa katikati ya “Marahaba mjukuu wangu, hujambo?” Bibi, ambaye hakuchelewa hata kidogo, anasikia mtoto anayemkatiza. Mjukuu anasikia bibi aliyezubaa. Kila mmoja ana ushahidi wa masikio yake, na wote wawili wamekosea.

Huo si mtandao mbovu tu? Ukiimarika, tatizo litakwisha.

Litapungua. Lakini mtandao mbovu unaokatakata sauti una nafuu moja: unaonekana, na lawama inauangukia wenyewe. Ucheleweshaji wenye sauti safi haujitangazi. Mwaka 2014 Katrin Schoenenberg na wenzake walionyesha kwamba wanaozungumza kwenye laini inayochelewa huelekea kumhukumu mwenzao, kana kwamba uzito ni wa tabia yake. Tena kugongana hula maneno. Simu ikiwa kwenye spika, kinga ya mwangwi inaweza kupunguza sauti ya upande mmoja wote wawili wanaposema pamoja, kwa hiyo salamu iliyorudiwa inaweza kulifuta itiko lililokuwa linakuja.

Basi nani aanze?

Aliyetangulia kuingia. Katika simu ya kawaida jambo hili liliamuliwa zamani: Emanuel Schegloff, katika makala yake ya 1968, alichunguza mianzo ya simu takriban 500, akakuta kwamba aliyepigiwa ndiye husema kwanza, isipokuwa katika simu moja. Mlio wa simu ni mwito, na “haloo” ni itiko lake. Mkutano wa video kwa kiungo umemwondoa mpigiwa: watu wanaingia mmoja mmoja, kengele inalia, na hakuna anayejua kama imemlilia yeye.

Sisi tuna jibu mlangoni petu. Kengele ile ni hodi, na hodi huitikiwa na aliye ndani. “Karibu, Neema, nakusikia” inamaliza mambo matatu kwa mkupuo: inamtaja anayepaswa kusema, inathibitisha kwamba sauti ya mwenyeji inatoka, na inamwondolea mgeni “mnanisikia?” ambayo watu watano wangeijibu pamoja.

Lakini mdogo ndiye huamkia. Mkubwa akianza, heshima haijageuzwa?

Haijageuzwa, kwa kuwa karibu si salamu. Mzee aliye ndani husema karibu kwa mgeni wa umri wowote, na shikamoo hufuata mlango ukishafunguka. Kinachobadilika ni subira: akishaamkia, mdogo ahesabu moja, mbili, kimoyomoyo kabla ya kurudia. Wazee wakiwa wengi, “Shikamooni” moja inatosha, na mmoja wao aitike kwa niaba ya wote.

Na kama baada ya hesabu hiyo bado kimya?

Tazama midomo. Ikitembea bila sauti na alama ya maikrofoni ya mwenzako ina mstari, maiki imezimwa. Huenda yeye hajui, maana simu za video kwa kawaida hazimrudishii msemaji sauti yake kama zilivyofanya simu za mezani. Mwandikie, au mwonyeshe sikio lako kwa kidole, kwa kuwa kupaza sauti wakati anasema kunamfanya adhani unamkatiza. Alama ikiwa haina mstari na bado husikii kitu, angalia spika yako kabla ya kumsumbua yeye: huenda sauti inakwenda kwenye visikizi vilivyobaki mfukoni.